Faili likikatikia njiani: jinsi rsync inavyoendelea pale ilipoishia

Chukulia studio ya video jijini Dar es Salaam imemaliza kurekodi harusi na inataka kumpelekea mhariri wake aliyeko Nairobi faili moja, harusi.mov, lenye ukubwa wa gigabaiti 36. Laini yao ya intaneti inapandisha megabiti 10 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.25. Ukigawanya, unapata sekunde 28,800, ambazo ni muda wa saa 8 bila kusimama. Kazi inaanza jioni. Baada ya saa 6, gigabaiti 27 zikiwa zimeshafika, mtandao unakatika.

Anayetumia amri ya scp hana la kufanya ila kuanza upya, kwa kuwa scp haina njia ya kuendelea na faili lililoishia katikati. Bando lililotumika limekwenda, na saa 8 nyingine zinamsubiri. Kwa ajili hiyo wengi wanaohamisha mafaili makubwa wameegemea programu ya rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia waliitangaza mwezi Juni 1996. Nia yao ilikuwa kupunguza data inayopita kwenye laini ya polepole: ikiwa upande wa pili tayari una sehemu ya faili, kwa nini sehemu hiyo isafirishwe tena?

Hata hivyo, wengi hukutana na jambo wasilolitarajia mara ya kwanza wanapoitumia. Wanaandika rsync bila chaguo lolote la ziada, mtandao unakatika, wanarudia amri, na kazi inaanza kwenye sifuri. Sababu ni utaratibu wa kawaida wa programu yenyewe. Data inapoingia, rsync haiiandiki moja kwa moja kwenye faili lenye jina halisi. Inaiandika kwanza kwenye faili la muda lililofichwa, ambalo jina lake huanza na nukta na kuishia na herufi sita za kubahatisha, mfano .harusi.mov.k3Zq8T. Kazi ikimalizika salama, faili hilo hupewa jina lake halisi. Kazi ikikatika, rsync hulifuta. Gigabaiti 27 zinaondoka hivihivi.

Utaratibu huo una maana yake: unahakikisha mtu hakuti nusu faili akidhani ni faili zima. Kwa faili dogo hasara yake haionekani. Kwa faili la gigabaiti 36 ni usiku mzima uliopotea, na ndiyo sababu yapo machaguo ya kubakiza kilichofika.

La kwanza na linalojulikana zaidi ni --partial. Likiwekwa, rsync ikikatizwa hailifuti faili la muda, bali inalipa jina halisi na kuliacha hapo likiwa nusu. Amri ikirudiwa, nusu hiyo inatumika kama mtaji. Watu wengi huandika -P, yenye herufi kubwa, ambayo ni kifupisho cha --partial pamoja na --progress, chaguo linaloonyesha maendeleo ya kazi.

Tatizo la --partial liko kwenye jina. Mhariri wa Nairobi akifungua folda asubuhi atakuta harusi.mov imekaa pale kama kawaida, aivute kwenye programu yake ya kuhariri, na ashangae kwamba picha haifunguki au inaishia katikati. Kuna baya zaidi: ikiwa folda hiyo ilikuwa na toleo la awali la faili lenye jina hilohilo, zima na linalofanya kazi, nusu faili jipya linalikalia. Ndiyo maana maelezo rasmi ya rsync yenyewe yanasema kuna njia iliyo bora zaidi, nayo ni --partial-dir, inayoweka nusu faili kwenye folda yake ya pembeni. Amri ya studio yetu ingekuwa hivi:

```
rsync -ah --progress --timeout=120 \
  --partial-dir=.rsync-partial \
  harusi.mov mhariri@nairobi:/kazi/
```

Hapa -a inatunza tarehe na ruhusa za faili, na -h inaandika ukubwa kwa namna inayosomeka, gigabaiti badala ya mlolongo mrefu wa tarakimu. Sehemu ya mwisho ni jina la mtumiaji, jina la seva na folda ya kupokelea. Kila mtu ataweka ya kwake. Kazi ikikatika, nusu faili linahamia /kazi/.rsync-partial/harusi.mov, na folda ya /kazi yenyewe inabaki safi. Kazi ikikamilika, nusu hiyo inafutwa, na folda ya pembeni nayo inaondolewa ikiwa haina kitu kingine. Anayependa kuendelea kuandika -P anaweza kutangaza folda hiyo mara moja kwenye mazingira ya kompyuta yake, na tangu hapo -P itaitumia:

```
export RSYNC_PARTIAL_DIR=.rsync-partial
```

Chaguo la --timeout=120 linastahili maelezo, kwa sababu ndilo linaloamua kama nusu faili litawekwa mahali pake kwa wakati. Laini ya Dar es Salaam ikikatika ghafla, seva ya Nairobi haipati taarifa yoyote. Inaweza kukaa muda mrefu ikisubiri data isiyokuja, huku ikilishikilia faili la muda. Mtumaji akirudia amri mapema, rsync mpya haikuti kitu kwenye folda ya pembeni na inaanza upya. Chaguo hili linaiambia kila pande kwamba ikipita muda wa sekunde 120 bila data yoyote kupita, ikate tamaa, ihifadhi ilichonacho na kuondoka. Baada ya mtandao kurudi, busara ni kusubiri dakika mbili tatu kabla ya kurudia.

Amri inayorudiwa ni ileile, bila kubadilishwa herufi. Na hapa ndipo kioo kinapoanza kuwachanganya watu. Kabla ya mtandao kukatika, mstari wa maendeleo ulikuwa ukisomeka hivi:

```
         27.00G  75%    1.19MB/s    2:00:00
```

Safu ya kwanza ni kiasi cha faili kilichoshughulikiwa, ya pili ni asilimia, ya tatu ni kasi, na ya nne ni muda uliobaki kwa makadirio. Kasi inaonekana 1.19 badala ya 1.25 kwa sababu rsync inapokokotoa kasi huhesabu megabaiti moja kuwa baiti 1,048,576, siyo milioni moja. Hadi hapo hakuna la ajabu.

Amri inaporudiwa, kinachofuata ni kimya. Jina la faili linajitokeza, kisha mstari wa maendeleo hausogei. Wengi hudhani programu imekwama, wanabonyeza Ctrl-C na kuanza tena, na kila wakifanya hivyo wanairudisha kazi nyuma. Ukweli ni kwamba wakati huo rsync iko kazini. Upande wa Nairobi unalisoma nusu faili lote kutoka kwenye diski, unalikata vipande, na kwa kila kipande unapiga hesabu inayotoa alama fupi ya utambulisho. Kwa faili la ukubwa huu kila kipande kina baiti 131,072, hivyo gigabaiti 27 zinatoa vipande takriban 206,000. Alama hizo zote zikikusanywa hazifiki megabaiti 2, nazo ndizo zinazosafiri kurudi Dar es Salaam. Diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde inahitaji dakika nne na nusu kumaliza kazi hiyo. Diski ya polepole itataka zaidi.

Alama zikifika, kompyuta ya Dar es Salaam inaanza kulisoma faili lake tangu mwanzo na kulinganisha. Kila kipande chenye alama inayolingana hakitumwi. Kinachotumwa ni ujumbe mfupi wa kuuambia upande wa pili utumie kipande ulichonacho. Hapo mstari wa maendeleo unafufuka kwa mwendo wa kutisha:

```
         21.60G  60%   95.00MB/s    0:02:24
```

Mtu akisoma hivyo anaweza kupiga simu Nairobi na kusema faili litakuwa tayari baada ya dakika mbili. Asipige. Kasi ya megabaiti 95 kwa sekunde siyo ya intaneti, ni ya diski ya kompyuta yake mwenyewe inayosoma sehemu ambayo tayari ilishafika. Mstari ukivuka asilimia 75, vipande vinavyofanana vinaisha na data mpya inaanza kupita kwenye laini halisi. Kasi inaporomoka kuelekea megabaiti 1.19, na muda uliobaki unapanda kutoka sekunde chache hadi karibu saa 2. Hakuna kilichoharibika. Maelezo rasmi ya programu yanautaja mtego huu waziwazi: makadirio yanayotolewa wakati sehemu ya zamani inapitiwa huwa madogo mno. Kwa kazi iliyoendelezwa, muda wa kuamini ni ule unaosomeka baada ya kasi kutulia.

Kama mstari wa maendeleo unaweza kudanganya, mtu atajuaje kwamba kazi iliendelea kweli na haikuanza upya? Jibu liko kwenye mistari miwili ya mwisho. Kwa mfano wetu ingekaribia kuwa hivi:

```
sent 9.00G bytes  received 1.65M bytes  1.16M bytes/sec
total size is 36.00G  speedup is 4.00
```

Mstari wa juu unasema data iliyotoka ni gigabaiti 9 tu, na iliyorudi, yaani zile alama, ni megabaiti 1.65. Mstari wa chini unasema faili lote lina gigabaiti 36, kisha unaligawanya kwa data iliyopita kwenye laini na kupata 4. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Ikiwa 1.00 au karibu yake, faili lote lilitumwa tena na bando limeliwa mara mbili. Ikipanda juu ya hapo, mtaji wa awali ulitumika. Kabla ya hata kurudia amri, mtu anaweza pia kuingia kwenye seva na kuandika ls -lh /kazi/.rsync-partial aone kama nusu faili lipo na lina ukubwa gani.

Hali moja inaweza kuliacha folda hilo tupu hata kama machaguo yote yaliandikwa sawasawa, nayo ni umeme kukatika upande wa kupokea. Kuhamisha nusu faili kwenda folda ya pembeni ni kazi inayofanywa na rsync yenyewe inapokufa kwa utaratibu. Kompyuta ikizimika ghafla, au programu ikiuawa kwa kill -9, nafasi hiyo haipo. Faili la muda linabaki palepale kwenye /kazi, limefichwa, na rsync ya mara ya pili haitalitambua kuwa ni mali yake. Data haijapotea. Inatosha kulitafuta kwa ls -la na kulihamisha kwa mkono, baada ya kuhakikisha hakuna rsync ya zamani inayoendelea:

```
mkdir -p .rsync-partial
mv .harusi.mov.k3Zq8T .rsync-partial/harusi.mov
```

Amri ya awali ikirudiwa, gigabaiti zilizookolewa zitahesabiwa kama kawaida. Hata kama mwisho wa faili hilo uliharibika umeme ulipokatika, hakuna hatari: kipande kilichoharibika hakitatoa alama inayolingana, na kitatumwa upya.

Kuna gharama moja ambayo watu huigundua diski ikishajaa. Kwa kawaida rsync inapoendeleza kazi hailiongezei nusu faili mkia. Inaunda faili jipya la muda, inanakili ndani yake vipande vilivyokwishafika, kisha inaongeza vipya. Kwa -P ya kawaida hii ina maana seva inahitaji nafasi ya gigabaiti 27 za zamani na 36 za faili jipya kwa pamoja, jumla 63, hadi kazi iishe. Seva yenye gigabaiti 50 tu zilizo wazi kabla ya kazi kuanza itapokea mara ya kwanza bila shida, halafu itagoma katikati ya mara ya pili.

Kwa seva yenye nafasi finyu kuna --append-verify, iliyokuja na toleo la 3.0.0 mwaka 2008. Hii inaandika mkia moja kwa moja kwenye faili lililopo, bila kuunda jingine. Haina hatua ya kulinganisha vipande. Inachukua kwamba kilichopo ni mwanzo sahihi wa faili, inaongeza kilichobaki, kisha inahakiki faili zima, la zamani na jipya, kwa hesabu moja ya mwisho. Hesabu ikikataa, inalipitia faili upya kwa njia ya vipande na kurekebisha palipo na kasoro. Kwa kuwa inafanya kazi kwenye jina halisi, nusu faili lazima liwe hapo, lililobakizwa na --partial au kuhamishwa kwa mkono.

Ndugu yake, --append bila neno la pili, inafanana nayo kwa sura lakini haihakiki sehemu iliyokuwapo. Kama faili la Dar es Salaam lilihaririwa kati ya jaribio la kwanza na la pili, au kama umeme uliharibu mwisho wa nusu faili, matokeo ni faili lenye ukubwa sahihi na maudhui mabovu, na rsync itaaga bila kulalamika. Zote mbili zina mpaka mwingine: hushughulikia faili la upande wa pili likiwa fupi kuliko la asili tu. Likiwa na urefu sawa au likizidi, linarukwa. Kwa hiyo hazifai kusasishia folda lenye mafaili yanayobadilika kila siku.

Folda lenye mafaili mengi lina haja tofauti ya kioo. --progress inaandika mstari kwa kila faili, na picha 3,000 zitatoa mistari 3,000 isiyomsaidia mtu kujua amefika wapi. Toleo la 3.1.0 la mwaka 2013 lilileta --info=progress2, inayoonyesha mstari mmoja kwa kazi nzima. Mwishoni mwa mstari huo hutokea maandishi kama to-chk=169/396, yaani yamebaki 169 kukaguliwa kati ya 396. Yakisomeka ir-chk, rsync bado inaendelea kuvumbua mafaili mengine, na jumla inaweza kuongezeka. Anayetaka jumla kamili tangu mwanzo anaongeza --no-inc-recursive.

Wenye kompyuta za Apple wanapaswa kutazama toleo kwanza kwa kuandika rsync --version. Kwa miaka mingi macOS ilikuja na toleo la 2.6.9 la mwaka 2006, ambalo halijui --append-verify wala --info=progress2. Na anayenakili kwenda diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta yake ajue kwamba hapo rsync haitumii ulinganisho wa vipande: pande zote mbili zikiwa kwenye mashine moja, inanakili faili zima. --partial itabakiza nusu, lakini nusu hiyo haitatumika mpaka aongeze --no-whole-file.

Studio isiyotaka mtu akeshe karibu na kompyuta inaweza kuiachia amri ijirudie yenyewe kila inapokatika. Muda wa kusubiri kati ya majaribio umewekwa mrefu kuliko ule wa --timeout, ili seva iwe imeshahifadhi nusu faili:

```
until rsync -ahP --timeout=120 \
  --partial-dir=.rsync-partial \
  harusi.mov mhariri@nairobi:/kazi/
do sleep 180; done
```

Njia hii inahitaji kuingia kwenye seva kwa ufunguo wa SSH badala ya nywila, maana hakutakuwa na mtu wa kuiandika. Pia haijui kutofautisha mtandao uliokatika na diski iliyojaa. Katika hali zote mbili itarudia bila kikomo, kwa hiyo anayeiacha usiku ahakikishe kwanza kwamba seva ina nafasi ya kutosha.

Kwa kazi nyingi za faili kubwa kupitia intaneti, basi, chaguo la kwanza ni -P pamoja na --partial-dir. Nafasi ikiwa finyu kwenye seva, --append-verify. Ile --append isiyohakiki iachwe kabisa kwa faili ambalo mtu hawezi kulirekodi tena. Na kabla ya kuitegemea njia yoyote kwa kazi ya mteja, ijaribiwe kwa faili la gigabaiti moja: lianze kutumwa, likatizwe kwa Ctrl-C katikati, lirudiwe, kisha isomwe namba iliyo mbele ya neno speedup.